Tarehe ya kustaafu inatoka vibaya kwenye Excel? Anza kukagua hapa

Kamwene wadau, hasa nyie wa masijala, utumishi na stationeri huku Mbeya, Iringa na Njombe ambao kila mwaka mnaletewa lile jedwali la majina mnaambiwa "tutolee tarehe za kustaafu za hawa watu". Nimefanya hiyo kazi miaka mingi kwenye halmashauri moja ya huku nyanda za juu kusini, na sa hivi watu bado wananifata nyumbani Uyole na simu zao na makaratasi yao wanataka niwaangalizie, kwaiyo naandika hapa yale yanayojirudia, kila tatizo linavyoonekana na linasababishwa na nini. Hesabu yenyewe ni ndogo sana, mtoto wa la tano anaiweza. Kinachowaumiza watu ni tarehe ya kuzaliwa ambayo kompyuta imeishika tofauti na ile uliyoiandika wewe, na hilo halionekani kwa macho mpaka ulitafute.

Kwanza tuelewane tunatafuta nini. Kwa mtumishi wa kawaida wa Tanzania, awe PSSSF au NSSF, kuna tarehe mbili za umri. Miaka 55 ni ya hiari, yani kuanzia siku hiyo anaruhusiwa kuomba kustaafu, na miaka 60 ni ya lazima. Maprofesa na madaktari bingwa kwenye utumishi wa umma wao lazima yao ni 65, kwaiyo ukiwa unaandaa orodha ya hospitali ya rufaa au chuo usiwaburuze wote kwenye 60. Afu kuna sharti la tatu ambalo wengi wanalisahau, miezi 180 ya michango, hilo nitalirudia huko chini maana ndo linaloliza watu.

Fomula ninayoitumia mimi ni hii, tarehe ya kuzaliwa ikiwa A2:

```
=EDATE(A2,55*12)
=EDATE(A2,60*12)
```

EDATE inasogeza miezi, haihesabu siku, kwaiyo aliyezaliwa 15/03/1966 inakupa 15/03/2026 kwenye 60. Ikikuletea 46096 badala ya tarehe usishtuke, hiyo ndo 15/03/2026 jinsi Excel inavyoihifadhi ndani, badilisha muonekano wa seli kuwa tarehe na imeisha. Sasa twende kwenye matatizo yenyewe.

Mtu anaonekana alistaafu mwaka 1965

Hii ni rahisi kuijua maana matokeo yenyewe hayaingii akilini. Unakuta mtu yuko kazini kabisa, umemuona asubuhi kwenye daladala ya Mwanjelwa, lakini jedwali linasema miaka 60 aliitimiza tarehe 19/05/1965. Sababu ni kwamba kwenye seli ya tarehe ya kuzaliwa mtu aliandika mwaka peke yake, 1966, na kwa sababu ile seli imepangwa kuwa ya tarehe, Excel haikuisoma kama mwaka, imesoma kama siku ya 1966 tangu mwanzo wa 1900, ambayo inaangukia 19/05/1905. Ukijumlisha miaka 60 unapata hiyo 1965.

Dawa yake haiko kwenye fomula. Rudi kwenye faili la mtumishi uone tarehe kamili. Wazee wetu wengi walizaliwa nyumbani, mwaka ukakumbukwa, siku ikasahaulika, na kwenye ajira za zamani wengi wa namna hiyo wakaandikiwa 1 Julai. Ndo maana ukifungua jedwali lolote la watumishi wa umri mkubwa unakuta 01/07 zimejaa kuliko kawaida. Hizo siyo makosa ya kuchapa, usizifute. Ila usijipe mamlaka ya kumjazia mtu 01/07 au 01/01 wewe mwenyewe kwa sababu umeona mwaka tu, maana tofauti ya hizo mbili ni miezi sita ya mshahara wa mtu. Kama faili halina siku, acha seli wazi, weka alama, muulize afisa utumishi.

Nusu ya safu inaleta #VALUE!, nusu inaleta tarehe nzuri

Hapa nikae kidogo, maana hili ndo kosa baya kuliko yote niliyowahi kuyaona na watu wengi wanalitengeneza nusu afu wanaona wamemaliza.

Unavyoliona: umeweka EDATE, umeivuta mpaka chini, baadhi ya mistari imekubali na mingine imeandika #VALUE!. Mtu wa kawaida anafanya nini, anaanza kushughulika na ile yenye #VALUE!, anaiandika upya mmoja mmoja, yote inakubali, anafurahi, anaprinti, anapeleka kusainiwa. Na ile mistari iliyokubali tangu mwanzo hakuigusa. Kumbe iliyoharibika ni ile iliyokubali.

Sababu ni mpangilio wa tarehe wa kompyuta. Kompyuta nyingi zinakuja zimepangwa kwa mtindo wa Marekani, mwezi unatangulia siku. Sisi tunaandika siku kwanza. Ukiingiza 15/03/1966 kwenye kompyuta ya namna hiyo inatafuta mwezi wa 15, haupo, kwaiyo inakiacha kile ulichoandika kama maneno ya kawaida, na EDATE ikikuta maneno inalia #VALUE!. Lakini ukiingiza 03/07/1966, yani tarehe 3 Julai, kompyuta inaona mwezi wa 3 siku ya 7, inakubali bila kelele, na hapo umeshampa mtu siku nyingine ya kuzaliwa. Hakuna rangi nyekundu wala onyo lolote linalotokea, inanyamaza tu.

Nilimkuta nalo mwalimu mmoja wa Tukuyu. Alikuja na barua mkononi, amekaa kwenye benchi pale nje, ananiambia "kaka, mimi nimezaliwa wakati wa baridi, mama alikuwa anasema hata maji ya kuniogeshea yalikuwa yanachemshwa mara mbili, sasa hawa wananiambia nimezaliwa mwezi wa tatu". Na kweli barua ilisema anatimiza miaka 60 tarehe 07/03/2026. Nikamwomba kitambulisho cha taifa. Namba yake inaanza na 19660703. Yani 1966, mwezi wa 07, siku ya 03. Tarehe yake sahihi ni 03/07/2026, na barua ilikuwa inamtoa siku 118 kabla ya wakati, karibu miezi minne ya mshahara na ya michango. Tulipofungua jedwali lililotumika tukakuta kwenye shule hiyohiyo wapo wenzake wengine wenye kosa lilelile, ila wao hawakuwa wamelisoma vizuri.

Jinsi ya kulitambua kabla halijafika kwenye barua. Usipange safu kushoto wala kulia kwa mkono, iache ilivyo uiangalie: tarehe za kweli zinaegemea kulia, maneno yanaegemea kushoto. Ukiona mchanganyiko, tayari una tatizo. Kama mtu ameshazipanga zote katikati, weka hii pembeni:

```
=ISNUMBER(A2)
```

TRUE ni tarehe, FALSE ni maneno. Afu fanya kitu cha pili ambacho ndo ushahidi wenyewe, chuja zile za TRUE peke yake uangalie siku zake. Kama kwenye majina mia mbili hakuna hata mmoja aliyezaliwa tarehe 13 kwenda mbele, basi usitafute zaidi, hizo zote zimegeuzwa siku na mwezi. Haiwezekani watumishi wa halmashauri nzima wawe wamezaliwa kati ya tarehe 1 na 12 tu. Watakaosalimika ni wale ambao siku na mwezi zinafanana, kama 05/05 au 08/08.

Kutengeneza, njia bora ni kurudi kwenye chanzo, lile faili la mwanzo kabla halijafunguliwa kwenye hiyo kompyuta, ubadilishe mpangilio wa tarehe wa kompyuta yenyewe uwe siku/mwezi/mwaka, afu uingize upya, na wakati wa kuingiza upite kwenye Data, Text to Columns, uchague DMY. Kama chanzo hakipo tena, na una uhakika safu nzima iliingia kwa njia moja, na zile za maneno zote zimeandikwa kwa tarakimu mbilimbili kama 15/03/1966, safu mpya pembeni inaweza kuzigeuza:

```
=IF(ISNUMBER(A2),DATE(YEAR(A2),DAY(A2),MONTH(A2)),DATE(RIGHT(A2,4),MID(A2,4,2),LEFT(A2,2)))
```

Hii inazirudisha zilizogeuzwa na inazisoma zilizobaki maneno. Lakini nisikilize hapo, ukiiendesha mara mbili inazigeuza tena kurudi kwenye ubaya, na kama kuna mistari ambayo mwenzako alishairekebisha kwa mkono jana, nayo itaharibika. Kwaiyo baada ya hapo lazima upime na kitu cha nje ya jedwali, na kitu hicho ni namba ya NIDA, maana tarakimu nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, mwaka, mwezi, siku. Kama namba iko B2:

```
=DATE(LEFT(B2,4),MID(B2,5,2),MID(B2,7,2))
```

Linganisha na tarehe uliyonayo. Angalizo moja tu, safu ya namba ya NIDA ipange kuwa Text kabla hujaiandika. Namba ile ina tarakimu 20 na Excel inashika 15 tu za namba, zilizobaki inazifanya sifuri na kukuonyesha kitu kama 1.96607E+19, na hapo fomula ya juu haitafanya kazi.

Ukimaliza kulinganisha, zile zinazotofautiana usizifanye zote kuwa kosa la kompyuta. Zikitofautiana kwa siku na mwezi kubadilishana nafasi, ni kompyuta. Zikitofautiana kwa mwaka, hilo ni jambo lingine, nitalisema chini.

Tarehe inatoka mapema kwa wiki mbili hivi

Unamuona mtu wa 15/03/1966 jedwali linampa 28/02/2026. Kwa wengine wote pia imerudi nyuma siku 15. Fungua fomula utakuta mtu amejumlisha siku, =A2+60*365. Miaka 60 siyo siku 21900, kati ya Machi 1966 na Machi 2026 kuna Februari 15 zenye siku 29, kuanzia ya 1968 mpaka ya 2024, kwaiyo siku za kweli ni 21915 na hizo 15 ndo zimepotea.

Wajanja wanaweka 365.25 na inaonekana imepona, maana 60 mara 365.25 ni 21915 kamili. Lakini jaribu kwa 55. Inatoka 20088.75. Aliyezaliwa 15/03/1971 anatimiza 55 tarehe 15/03/2026, siku za kweli katikati ni 20089, kwaiyo fomula ya 365.25 inakupa 14/03/2026 saa kumi na mbili jioni, afu muonekano wa seli unaficha saa unabaki na siku moja pungufu. Futa hizo zote, rudi EDATE.

Kama EDATE unayo na bado unatofautiana siku moja na mtu mwingine, uliza maswali mawili kabla hujabishana. La kwanza, mwenzako anaandika siku ya kutimiza umri au siku ya mwisho kuwepo kazini? Aliyezaliwa tarehe 1 Julai anatimiza umri tarehe 1 Julai, siku ya mwisho ya umri wa nyuma ni 30 Juni, na hizo mbili ziko miezi tofauti japo zimepishana usiku mmoja. Kwenye jedwali weka safu mbili zenye majina yake kamili, usiite zote "tarehe ya kustaafu". La pili, je amepata kwenye kikokotoo cha mtandaoni? Vingi ni vya nchi za watu. Cha Marekani kinafuata sheria ya kwao ya hifadhi ya jamii ambayo inamhesabu mtu ametimiza umri siku moja kabla ya siku yake ya kuzaliwa, na umri wao kamili kwa waliozaliwa 1960 na kuendelea ni 67. Cha Uingereza kitakuletea 67 kwa mtu wa 1966. Hivyo vyote ni sahihi kwa watu wao, kwa mtumishi wa Makambako havina kazi.

Aliyezaliwa 29 Februari

Ni wachache lakini wapo. Kwenye 60 hana shida, 29/02/1964 ukiongeza 60 unafika 29/02/2024 na siku hiyo ipo. Shida iko kwenye 55 na 65 kwa sababu mwaka unaofika hauna tarehe 29. Wa 29/02/1972 anatimiza 55 mwaka 2027, EDATE itakupa 28/02/2027, na fomula ya DATE yenye YEAR(A2)+55 itakupa 01/03/2027. Zote mbili zimefanya kazi yake, zimeamua tofauti tu. Usichague wewe, weka alama kwenye mstari, apelekwe kwa afisa utumishi aamue kwa maandishi.

Kompyuta iko sawa lakini NIDA na faili havikubaliani mwaka

Hapa hakuna fomula. Unakuta NIDA inasema 1968, cheti cha kuzaliwa cha RITA kinasema 1968, lakini kwenye faili la ajira mtu alijaza 1966. Au kinyume chake. Mama mmoja muuguzi kutoka Makete alinieleza vizuri sana, alisema wakati anaanza kazi alijaza ile aliyoambiwa na baba yake, afu miaka mingi baadaye akachukua cheti kwa kumbukumbu ya ubatizo, ndo zikapishana.

Kwa mtumishi wa umma tarehe inayoangaliwa kwanza ni ile aliyoijaza mwenyewe alipoajiriwa mara ya kwanza, na hati ya kiapo ya kuja kuapa ukiwa na miaka 58 kwamba ulizaliwa baadaye haipokelewi kirahisi, na nadhani ni haki iwe hivyo maana vinginevyo kila mtu angejipunguzia. Kwaiyo ukikuta tofauti ya mwaka kazi yako kama mtayarishaji ni kuonyesha tarehe zote mbili na zimetoka kwenye karatasi gani, fomu ya ajira ya lini, cheti cha lini. Usiweke ile inayokupendeza. Na wewe mwenye faili, ukisikia tofauti ipo, lianze ukiwa na miaka 50 au chini yake, usisubiri barua ifike. Nimeshuhudia mtu mafao yake yamekaa muda mrefu kwa sababu jina na tarehe kwenye mfuko ni tofauti na kwenye kitambulisho, na kila ofisi inamtuma nyingine.

Ametimiza 55, tarehe ni sahihi, lakini mfuko unasema bado

Hili ndo linalonigusa zaidi, maana linawakuta watu wa kipato kidogo, wachuma chai wa Mufindi na Rungwe, madereva, wapishi wa shule binafsi, walinzi. Mtu amehesabu miaka yake vizuri, 55 imefika, anaenda ofisini anaambiwa hana sifa ya pensheni. Anaona ameonewa. Mara nyingi hajaonewa na ofisi ile, ni kwamba umri ni sharti moja, na lile la pili ni michango isiyopungua miezi 180, ambayo ni miaka 15. Tarehe ya kustahili pensheni ya kila mwezi ni ile inayochelewa kati ya hizo mbili. Ukifika 60 michango haijatosha, unalipwa mafao ya mkupuo badala ya pensheni ya kila mwezi.

Kwenye jedwali, C2 ikiwa siku ya kwanza ya mwezi alioanza kuchangia na hajawahi kuruka:

```
=MAX(EDATE(A2,55*12),EDATE(C2,180))
```

Hapo kuna mtego mdogo wa kuhesabu. Aliyeanza Machi 2012, mwezi wa kwanza ni huohuo Machi 2012, kwaiyo wa 180 ni Februari 2027, siyo Machi. EDATE itakupa 01/03/2027, isome kama siku ya kwanza baada ya mwezi wa 180 kwisha.

Lakini hiyo "hajawahi kuruka" ndo penyewe. Nichukue dereva mmoja wa shule binafsi Iringa, amezaliwa 12/10/1969, alianza kuchangia NSSF Machi 2012. Miaka 55 aliitimiza 12/10/2024. Akaja kwangu ana hasira, anasema "mzee wangu, nina miaka 55, nina mgongo mbovu, na kazi nimefanya kila mwezi". Nikamwambia nenda kachukue taarifa ya michango kwenye ofisi ya mfuko, yote tangu mwanzo, usilete ya mwaka mmoja. Akaleta. Tukafungua sheet nyingine, tukaandika kila mwezi mstari wake, kiasi kwenye C, tukahesabu yenye pesa:

```
=COUNTIF(C2:C200,">0")
```

Ukihesabu kwa kichwa tangu Machi 2012 unapata namba moja, hii ikakupa nyingine, tofauti ndo miezi iliyopotea. Yeye ilikuwa 14. Sasa bila hayo mapengo angefika 180 mwisho wa Februari 2027, na mapengo 14 yanamsogeza mpaka mwisho wa Aprili 2028, fomula kwenye lile jedwali la kwanza inakuwa EDATE(C2,180+14) na inatoa 01/05/2028. Bado iko kabla ya 60 yake ambayo ni 12/10/2029, kwaiyo pensheni ataipata, ila sio wakati aliokuwa anaufikiria.

Afu tukauliza hiyo 14 ilikuwa miezi gani. Hapa ndo lazima usimame na mtu, usimpe tarehe tu ukamwacha aende. Kuna miezi mitano ambayo kweli alikuwa nje ya kazi, mkataba uliisha akasubiri mwingine, hiyo haina mjadala. Miezi tisa iliyobaki alikuwa anaendesha gari kila siku, na alikuwa na hati za mshahara zinazoonyesha amekatwa ile asilimia 10 yake. Amekatwa, haikufika. Mwajiri alitakiwa aiweke pamoja na asilimia 10 ya kwake, akakaa nayo. Hilo linaniuma sana, kwa sababu mfanyakazi hana namna ya kulijua asipoomba taarifa, na wengi wanaiomba siku wanapostaafu tu.

Kwaiyo alipanga hati za mshahara kwa mwezi, akatoa kopi, akaandika barua fupi yenye orodha ya miezi tisa na kiasi alichokatwa kila mwezi, akapeleka kwenye mfuko na nakala kwa mwajiri, akabaki na yake iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ilichukua muda na safari kadhaa za mjini. Michango ile ikaja kulipwa na kuingizwa. Tukarudi kwenye jedwali tukabadilisha 14 kuwa 5, ikatoka 01/08/2027, yani mwezi wake wa 180 ni Julai 2027. Akaiandika nyuma ya kadi yake ya mfuko kwa kalamu, na sa hivi kila baada ya miezi mitatu anaenda kuangalia kama mwezi uliopita umeingia.